Flaiwili ya injini ya kale kwenye mashine mpya: kupima mkazo wa ringi na kuchagua mwendo salama

Kebo ya baharini kutoka Tanga ilipofika Pemba mwaka 2010, injini nyingi za dizeli zilizokuwa zikiendesha mashine za kusaga na karakana ndogo zilianza kuwekwa pembeni, mota za umeme zikachukua nafasi. Injini nyingine zilikatwakatwa na kuuzwa kwa kilo, lakini flaiwili zake, yale magurudumu mazito yanayotunza nguvu ya mzunguko, zimebaki. Utaziona zimeegemezwa kwenye kuta za karakana Chake Chake, Wete na Mkoani, nzito, za chuma cha kumimina, na fundi mwenye akili haachi kuzitazama. Anataka kuzitumia tena.

Kuzitumia si kosa. Mashine ya kukatia nondo, kwa mfano, inahitaji flaiwili kuliko inavyohitaji mota kubwa, kwa sababu kazi yake inakuja kwa pigo moja moja, na katikati ya mapigo mota inapata nafasi ya kuirudishia flaiwili nguvu iliyotumika. Kosa ni kuichukua flaiwili iliyotengenezwa kwa injini ya mizunguko 650 kwa dakika na kuifunga kwenye mota ya mizunguko 1,440 bila kupiga hesabu. Mwongozo huu unafuata flaiwili moja ya namna hiyo, inayofungwa kwenye mashine ya kukatia nondo, kutoka kwenye futi kamba hadi kwenye puli. Mwenye kikokotoo cha simu ataweza kuufuata wote.

Vipimo vya flaiwili yetu ni hivi: kipenyo cha nje sm 60, unene wa ringi kuelekea katikati sm 6, upana wa ringi sm 9, mikono sita inayoishika ringi kwenye kitovu. Kibati cha injini yake kilionyesha mizunguko 650 kwa dakika.

Kwanza elewa kinachovuta

Kila kipande cha ringi inayozunguka kinataka kwenda moja kwa moja mbele. Kinachokizuia ni jirani zake wa kushoto na kulia, waliokishika na kukivuta kiendelee kuzunguka. Kwa hiyo ringi nzima imo katika hali ya kuvutwa kwa kuufuata mzingo wake. Huo ndio mkazo wa mzingo. Ringi ikishindwa, inakatika kwa kukivuka kipande chake cha kukata, yaani ule uso unaoonekana ukiikata ringi, kama mnyororo unavyokatika, na vipande vinaondoka.

Ili kuupata mkazo huo, kata ringi kwa mawazo katikati, uwe na nusu mbili. Nusu moja inasukumwa nje na mzunguko wake wenyewe. Ukijumlisha msukumo huo wote, unapata mara mbili ya densiti ya chuma, mara eneo la kipande cha kukata, mara nusukipenyo kwa kipeo cha pili, mara kasi ya mzunguko kwa kipeo cha pili. Kinachoizuia nusu hiyo isiondoke ni sehemu mbili ulizokata, kila moja ikivuta kwa mkazo mara eneo lilelile. Pande mbili zikilinganishwa, eneo linajifuta lenyewe, na mbili inajifuta na mbili. Kinabaki hiki:

σ = ρ × ω² × r²

Hapa σ ni mkazo, ρ ni densiti ya chuma, ω ni kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde, na r ni nusukipenyo. Kwa kuwa ω mara r ni mwendo wa ukingo kwa mita kwa sekunde, tunaweza kuandika kwa ufupi zaidi:

σ = ρ × v²

Simama hapa kidogo, kwani hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Eneo la kipande cha kukata halimo kwenye jibu. Ukiifanya ringi iwe nene mara mbili, umeongeza chuma cha kuvumilia mara mbili, lakini umeongeza pia chuma kinachovuta mara mbili. Mkazo unabaki palepale. Kwa hiyo maneno ya "flaiwili hii nene sana, haiwezi kupasuka" hayana msingi katika pete tupu inayozunguka. Flaiwili nyembamba na flaiwili nene za chuma kimoja na kipenyo kimoja, zikizunguka sawa, ringi zake zinakazwa sawa. Kinachobadilisha mkazo ni mwendo wa ukingo na aina ya chuma, basi.

Na mwendo umo kwa kipeo cha pili. Ukizidisha mizunguko mara mbili, mkazo umezidi mara nne. Ukizidisha mara nne, mkazo umezidi mara kumi na sita. Tutaona baadaye jinsi mtu anavyoweza kufika huko kwa kubadilisha puli mbili tu.

Hatua ya 1: pima kipenyo, na uchague nusukipenyo sahihi

Pima kipenyo cha nje kwa futi kamba katika sehemu tatu tofauti za ringi, kisha chukua kubwa. Flaiwili yetu ni sm 60, hivyo nusukipenyo cha nje ni mita 0.30.

Vitabu vya darasani vinasema utumie nusukipenyo cha katikati ya ringi, ambacho hapa ni mita 0.27. Kwa pete nyembamba sana tofauti haina maana. Lakini ringi yetu ina unene wa sm 6 kwa nusukipenyo cha sm 27, yaani zaidi ya moja ya tano, na hiyo si nyembamba tena. Kanuni ya pete nyembamba inakubalika vizuri pale unene usipozidi sehemu moja ya kumi ya nusukipenyo. Zaidi ya hapo, mkazo hauko sawa katika unene wote: upande wa ndani wa ringi unakazwa zaidi ya wastani. Kwa vipimo vyetu upande huo unazidi hesabu ya nusukipenyo cha katikati kwa asilimia 15 hivi.

Kuna njia rahisi ya kukaa upande salama bila hesabu ndefu. Tumia nusukipenyo cha nje. Kwa pete isiyo na mikono, mkazo halisi haupiti kamwe ule unaopatikana kwa nusukipenyo cha nje, hata pete iwe nene kiasi gani. Mimi ndivyo ninavyofanya kila mara kwa flaiwili za mitumba, na ndivyo tutakavyofanya hapa.

Hatua ya 2: geuza mizunguko kuwa mwendo wa ukingo

Mizunguko kwa dakika inageuzwa kuwa radiani kwa sekunde hivi:

ω = 2 × π × N ÷ 60

Kwa mwendo wa injini yenyewe, N ni 650:

ω = 2 × 3.1416 × 650 ÷ 60 = 68.1 rad/s

v = 68.1 × 0.30 = 20.4 m/s

Usisahau kugawa kwa 60. Mtu akisahau, jibu lake la mkazo litakuwa kubwa mara 3,600, na kwa bahati nzuri kosa hilo linaonekana. Kosa baya zaidi ni kuweka kipenyo mahali pa nusukipenyo, au kuweka sentimita mahali pa mita, kisha kuamini jibu. Dawa yake ni kujua mwendo wa kawaida: ukingo wa flaiwili ya chuma cha kumimina unakwenda kati ya mita 15 na 30 kwa sekunde. Ukipata 2 au 200, rudi nyuma.

Hatua ya 3: pata mkazo

Densiti ya chuma cha kumimina ni kama kilo 7,200 kwa mita ya ujazo.

σ = 7,200 × 20.4² = 7,200 × 416 = 3,000,000 paskali, yaani 3 MPa

Megapaskali moja ni nguvu ya nyutoni moja juu ya kila milimita ya mraba. Mkazo wa 3 MPa ni mdogo. Chuma cha kumimina cha kijivu, hata kile cha daraja la chini, kinavumilia mvuto wa karibu 150 MPa kabla ya kukatika. Kwa hiyo aliyeitengeneza injini hiyo alijiachia nafasi ya mara hamsini. Mtu akiliona hilo mara ya kwanza anadhani kuna chuma kingi kimepotea bure. Hakikupotea, na sababu zake ndizo zinazoamua hatua inayofuata.

Hatua ya 4: amua mwendo wa mwisho

Ukiigeuza kanuni, unapata mwendo wa ukingo ambao mkazo fulani unauruhusu:

v = √(σ ÷ ρ)

Tukiweka 150 MPa nzima, v inatoka mita 144 kwa sekunde, na kwa flaiwili yetu hiyo ni mizunguko kama 4,600 kwa dakika. Huo ni mwendo wa kupasuka wa pete nzima, safi, isiyo na mikono, isiyo na tundu hata moja ndani ya chuma. Flaiwili yako si pete hiyo.

Mwishoni mwa karne ya 19 Charles Benjamin, mwalimu wa uhandisi katika Chuo cha Case mjini Kliviland, alizungusha flaiwili ndogo za chuma cha kumimina hadi zikapasuka ndani ya boma la ulinzi. Zilizomiminwa kipande kimoja zilifika karibu mita 120 kwa sekunde. Zile zilizounganishwa kwa boliti katikati ya mkono na mkono zilipasuka kwenye karibu nusu ya mwendo huo. Nusu ya mwendo ni robo ya mkazo. Maana yake kiungio kilibeba robo tu ya nguvu ya ringi nzima.

Ufa unafanya kazi ileile ya kiungio kibaya. Vilevile tundu la hewa lililobaki ndani ya chuma siku ya kumimina, na mkazo uliojifungia ndani wakati mikono ilipopoa kabla ya ringi, au ringi kabla ya mikono. Huo wa mwisho haumo kwenye hesabu yoyote na hauonekani kwa macho. Juu yake kuna uchovu wa chuma: kila nondo inapokatwa flaiwili inapungua mwendo na kupanda tena, na kila mara mikono inapinda kidogo. Chuma cha kumimina hakinyooki kabla ya kukatika. Hakikupi onyo.

Kwa hiyo watu wengi wa kazi hii hawaendi zaidi ya mita 30 kwa sekunde kwenye ukingo wa chuma cha kumimina, hata kama hesabu ya kigawo cha usalama, yaani mara ngapi nguvu ya chuma inauzidi mkazo, inawaruhusu. Nami nashika hapo hapo. Kwa flaiwili yetu:

ω = v ÷ r = 30 ÷ 0.30 = 100 rad/s

N = 100 × 60 ÷ (2 × 3.1416) = 955, tuseme 950 kwa dakika

Mkazo katika mwendo huo ni 7,200 × 900, yaani 6.5 MPa.

Mtu atauliza: kwa nini nisichukue kigawo cha usalama cha 10, nikubali 15 MPa, nikaendesha 1,440 moja kwa moja? Hesabu inamruhusu, kwani mkazo katika 1,440 ni 14.7 MPa. Tatizo ni kwamba kigawo hicho ni cha mkazo, na mkazo unakwenda kwa kipeo cha pili. Kigawo cha 10 kwenye mkazo ni kigawo cha 3.2 tu kwenye mwendo. Weka ufa unaopunguza mwendo wa kupasuka kwa nusu, na umebaki na 1.6. Hapo mkanda ukiwekwa kwenye puli isiyo yake, umemaliza nafasi yote.

Hatua ya 5: ikague mikono

Mikono inaishika ringi isitanuke sawasawa. Penye mkono ringi inavutwa ndani, katikati ya mikono inasukumwa nje, na kipande kilicho kati kinapinda kama boriti. Kwa hiyo ringi ina mkazo wa mzingo na mkazo wa kupinda kwa pamoja. Kanuni inayotumika sana kwa hali hiyo ni hii, na hapa R ni nusukipenyo cha katikati, n ni idadi ya mikono, t ni unene wa ringi, na v ni mwendo wa katikati ya ringi:

σ = ρ × v² × (0.75 + 4.935 × R ÷ (n² × t))

Katika flaiwili yetu R ni 0.27, n ni 6, t ni 0.06. Mabano yanatoka 1.37. Kwa mizunguko 950 mkazo unakuwa kama 7.1 MPa badala ya 6.5 tuliyopata. Tofauti ni ndogo, tunaweza kuendelea.

Sasa chukua flaiwili nyingine yenye kipenyo kilekile na mikono ileile sita, lakini ringi yake ina unene wa sm 3 tu. Mabano yanaruka hadi 2.05, na mkazo katika mwendo uleule unakaribia 12 MPa. Hapa unene umerudi na nguvu zake. Haukusaidia kitu kwenye mvuto wa mzingo, lakini unasaidia sana kuzuia kupinda kati ya mikono. Nimesisitiza juu kwamba unene hauiokoi ringi kwenye mwendo, na bado nasimamia hilo kwa pete tupu. Kwa gurudumu lenye mikono michache, ringi nyembamba ni hatari zaidi. Ukikutana na flaiwili ya mikono minne na ringi nyembamba, ipe kazi ya mwendo mdogo sana au iache.

Hatua ya 6: hakikisha chuma ni kizima

Hesabu zote za juu ni za chuma kisicho na ufa. Kuhakikisha hilo kunachukua nusu siku na hakuna njia ya mkato, hasa kwetu, ambako upepo wa bahari unakula chuma na kutu inaficha mengi.

Sugua flaiwili yote kwa brashi ya waya mpaka uone chuma chenyewe. Ining'inize kwa mnyororo kupitia tundu la shafti, isiguse kitu, kisha igonge ringi kwa nyundo ndogo, katikati ya kila mkono na mkono. Flaiwili nzima inatoa mlio mrefu unaofanana kote. Ikiwa sehemu moja inatoa mlio mfupi, uliokufa, hapo pana shaka.

Kisha paka mafuta ya taa, iache kwa saa moja au zaidi, ifute mpaka ikauke kabisa, na upake chokaa laini iliyokorogwa na spiriti. Spiriti inaruka, chokaa inabaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Angalia zaidi sehemu mbili: pembe ambapo mkono unakutana na ringi, na kona za mfereji wa kii kwenye kitovu. Kitovu kikipasuka ringi nayo haina kwa kushikilia, na nyufa nyingi za flaiwili za injini huanza hapo, kwa sababu kii imepigwa nyundo mara nyingi mno katika maisha yake.

Ufa ukiuona, flaiwili hiyo haifai tena. Watu watakuambia kuna fundi anayejua kuchomelea chuma cha kumimina, na kweli wapo wanaojua, kwa kukipasha moto chote na kukipoza polepole. Inafaa kwa mguu wa cherehani au mwili wa pampu. Kwenye ringi inayozunguka siikubali, kwa sababu pembeni mwa mshono chuma kinakuwa kigumu na chenye kukatika, na mkazo mpya umefungiwa ndani. Hakuna kipimo cha karakana cha kuujua.

Hatua ya 7: tafuta nguvu kwenye uzito, si kwenye mwendo

Hapa ndipo hesabu ya mkazo inapokutana na kazi ya mashine. Fundi anapandisha mwendo kwa sababu anataka flaiwili ibebe nishati zaidi, na kweli nishati nayo inakwenda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Lakini je, anaihitaji?

Ringi yetu ina ujazo wa mita za ujazo 0.00916, hivyo uzito wake ni kilo 66. Ikizunguka mara 720 kwa dakika, yaani nusu ya mwendo wa mota, nishati yake ni kama jouli 13,800. Sasa nondo ya mm 16. Eneo lake ni mm² 201. Tukichukua kwamba chuma chake kinahitaji nyutoni 400 kwa kila mm² ili kikatwe, nguvu ya kisu ni nyutoni 80,000. Hata tukisema nguvu hiyo inahitajika kwa unene wote wa mm 16, ingawa nondo hukatika kabla kisu hakijafika mwisho, nishati ya kukata mara moja ni jouli 1,300.

Flaiwili imetoa chini ya asilimia 10 ya ilichonacho. Mwendo wake umeshuka kutoka 720 hadi 685 hivi, na mota itaurudisha kabla ya pigo linalofuata. Hakuna sababu yoyote ya kwenda 1,440.

Na kama siku moja atahitaji nishati zaidi, kwa nondo za mm 25 tuseme, kanuni ya ringi tayari imempa njia. Aongeze upana wa ringi, au afunge flaiwili ya pili iliyo nzima kwenye shafti hiyohiyo. Uzito unaongezeka, nishati inaongezeka kwa kiasi hichohicho, na mkazo wa mzingo hauongezeki hata kidogo. Atakachohitaji kukagua ni shafti na beringi tu.

Hatua ya 8: chagua puli, na uzifunge kwa namna isiyogeuzika

Soma kibati cha mota kabla ya puli. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota ya nguzo nne inazunguka karibu 1,440 na ya nguzo mbili inakaribia 2,900. Kwa nje zinafanana, na ya nguzo mbili mara nyingi ni nafuu zaidi kwa mitumba. Kama kibati kimefutika, pima kwa takometa, usikisie.

Kwa mota ya 1,440 tunafunga puli ya mm 75 kwenye mota na puli ya mm 150 kwenye shafti ya flaiwili. Mwendo wa flaiwili unakuwa 720, mwendo wa ukingo mita 22.6 kwa sekunde, na mkazo 3.7 MPa. Tuko chini ya 950 kwa nafasi nzuri, na karibu sana na mkazo ambao flaiwili hii iliuishi miaka yote kwenye injini yake.

Sasa tazama kinachotokea puli hizo zikibadilishana. Kubwa ikienda kwenye mota na ndogo kwenye flaiwili, mwendo unakuwa 2,880. Umezidi mara nne, mkazo umezidi mara kumi na sita: 59 MPa. Mwendo wa ukingo ni mita 90 kwa sekunde, na zile flaiwili za Kliviland zilizokuwa na viungio zilipasuka kabla ya kufika huko. Kosa hili si la ajabu. Mota inashushwa kwenda kusukwa waya, puli zinawekwa kwenye boksi moja, na anayezirudisha siye aliyezifunga.

Kwa hiyo tundu la puli ya mm 75 litobolewe kwa kipimo cha shafti ya mota peke yake, na la mm 150 kwa kipimo cha shafti ya flaiwili, vikiwa tofauti kiasi kwamba hakuna anayeweza kuzibadilisha hata akitaka. Hilo ni bora kuliko maandishi yoyote. Maandishi nayo yawekwe, kwa rangi, kwenye kinga ya mashine: 720 mwendo wa kazi, 950 mwisho.

Hatua ya 9: kuiwasha mara ya kwanza

Kinga ya wavu inazuia vidole na kanzu kuingia kwenye mkanda. Haizuii kipande cha flaiwili. Jouli 13,800 ni sawa na ringi hiyo ya kilo 66 kuangushwa kutoka juu ya mnazi wa mita 21, na hakuna wavu wa kuku utakaosimama mbele yake.

Ringi ikipasuka, vipande vinakwenda mbele kwa mwelekeo vilivyokuwa navyo, ndani ya bapa la mzunguko. Kwa hiyo swichi, meza ya kupimia nondo na mahali pa kusimama mkataji viwe ubavuni mwa mashine, upande wa shafti, kamwe visiwe mbele wala nyuma ya ringi. Igeuze mashine kwenye karakana mpaka ringi itazame ukuta wa mawe au shamba tupu, si barabara wala baraza wanapokaa watu.

Iwashe kwa sekunde chache, izime, uiache isimame yenyewe. Sikiliza mtikisiko. Flaiwili inayotikisa msingi haijakaa sawa kwenye shafti au kii imelegea, na kila mzunguko unaupiga mfereji wa kii nyundo nyingine. Ikienda kimya, iendeshe dakika kumi bila nondo, pima mwendo kwa takometa, uhakikishe ni karibu 720. Kisha kaza boliti zote za beringi upya na uangalie kona za mfereji wa kii kwa mafuta ya taa na chokaa mara nyingine, kwani ufa uliokuwa umejificha chini ya kutu hujitokeza baada ya kazi ya mwanzo. Rudia ukaguzi huo baada ya mwezi mmoja wa kukata, na tangu hapo kila mota au mkanda unapofunguliwa.